Kugeuza kitabu cha Kindle kuwa EPUB bila kupoteza jalada, sura na fonti

KITABU cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa ajili ya Kindle hakifunguki katika kila kifaa. Msomaji aliye na simu ya kawaida au kisomeo cha kampuni nyingine huhitaji faili ya EPUB, na ndiyo sababu waandishi na wakutubi wengi hulazimika kugeuza faili zao za zamani.

Wapo wanaodhani kwamba kubadilisha jina la faili kutoka .mobi hadi .epub kunatosha. Sivyo. EPUB ni furushi lililobanwa ambalo ndani yake mna kurasa, picha, mitindo ya maandishi na orodha ya yaliyomo, ilhali MOBI imepangwa kwa namna nyingine kabisa. Ni lazima yaliyomo yafumuliwe na kupangwa upya.

Kabla ya kuanza, yafaa mtu ajue ni faili ya aina gani aliyo nayo. Kindle ilipoingia sokoni mwaka 2007 ilitumia muundo uliotokana na MOBI, usioweza kubeba fonti. Mwaka 2011 Amazon ilitangaza muundo mpya, ambao faili zake huishia na .azw3, na huo hubeba fonti. KFX ilifuata mwaka 2015, nayo ni ngumu zaidi kufumua. Kitabu kilichofungwa kwa kufuli la kidijitali hakigeuzwi kamwe. Programu itakikataa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kulivunja kufuli hilo. Maelezo haya basi yanahusu vitabu visivyofungwa, kama vile mwandishi anapotaka kuokoa kazi yake mwenyewe.

Chukua mfano wa riwaya ya Kiswahili yenye sura 12, iliyohifadhiwa kama MOBI mwaka 2010, na ambayo mswada wake wa awali umepotea. Programu ya kutumia ni Calibre, ambayo hutolewa bila malipo. Faili huongezwa kwa kitufe cha "Add books", kisha "Convert books" hubofywa na EPUB kuchaguliwa katika kona ya juu upande wa kulia, palipoandikwa "Output format". Apendaye kuandika amri anaweza kufanya hivi:

```
ebook-convert riwaya.mobi riwaya.epub
```

Kazi hiyo huchukua muda mfupi tu, na kitabu hufunguka. Hapo ndipo wengi hukomea, na hapo ndipo makosa hujificha.

Kosa kubwa zaidi kwa vitabu vya Kiswahili liko kwenye sura. Iwapo faili haina orodha yake ya yaliyomo, Calibre hutafuta vichwa vyenye maneno ya Kiingereza kama "chapter", "part" na "prologue". "Sura ya Kwanza" haimo katika orodha hiyo. Matokeo yake ni kwamba riwaya nzima huweza kutoka bila mgawanyo wa sura, na msomaji anayetaka Sura ya Saba hana budi kupekua kurasa moja baada ya nyingine.

Dawa ni kuieleza programu itafute nini. Katika sehemu ya "Structure detection", kisanduku cha "Detect chapters at" hujazwa hivi:

```
//*[(name()='p' or name()='h1' or name()='h2')
and not(.//@href)
and re:test(., '^\s*sura ya \w+( na \w+)?\s*$', 'i')]
```

Maandishi hayo yaandikwe kwa mstari mmoja. Maana yake ni kwamba programu itafute aya au kichwa chenye maneno "sura ya" na neno moja baadaye, au maneno mawili yaliyounganishwa kwa "na", kama Sura ya Kumi na Moja. Alama ya $ mwishoni ina umuhimu wake, kwani huamuru kwamba pasiwe na neno jingine lolote baada ya hapo. Bila alama hiyo, aya inayoanza "Sura ya mama yake ilikunjamana" ingehesabiwa kuwa sura mpya, kwa kuwa katika Kiswahili sura pia ni uso. Nayo sehemu ya not(.//@href) huyaruka maneno yaliyo na viungo, yaani ukurasa wa yaliyomo ulio mwanzoni mwa kitabu. Ikiachwa, orodha huonyesha sura 24 badala ya 12.

Aidha, katika sehemu ya "Table of Contents", ni vyema kutia alama kwenye "Force use of auto-generated Table of Contents" na kuweka sifuri katika "Number of links to add". Bila hivyo, programu yaweza kutumia orodha mbovu ya zamani au kuijazia viungo visivyo sura. Baada ya kugeuza, msomaji ahesabu majina katika orodha, kisha afungue sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kuhakikisha kwamba kila jina linampeleka panapostahili.

Jambo la pili ni jalada. Hili lina sehemu mbili: picha inayoonekana kwenye rafu ya kifaa na ukurasa wa kwanza unapofungua kitabu. Moja yaweza kuwapo na nyingine ikakosekana. Jalada likionekana mara mbili mfululizo, sababu ni kwamba picha ya zamani imebaki ndani na programu imeongeza nyingine. Kugeuza kurudiwe huku "Remove first image" ikiwa imetiwa alama. Likikosekana kabisa, picha huwekwa kupitia "Edit metadata", kisha kitabu kigeuzwe tena. Ukaguzi ufanywe katika kifaa halisi, si katika Calibre pekee, kwa sababu Calibre huonyesha nakala ya jalada iliyo katika maktaba yake hata kama faili yenyewe haina.

Jambo la tatu ni fonti. Kwa kuwa riwaya ya mfano huu ni MOBI ya mwaka 2010, haina fonti yoyote ndani, na hivyo hakuna cha kupotea. Kwa faili ya .azw3 hali ni tofauti. EPUB ifunguliwe kwa "Edit book", na katika menyu ya "Tools" ichaguliwe "Manage fonts". Orodha itakayotokea huonyesha fonti zinazotajwa kitabuni na kama kila moja imo ndani ya faili. Fonti inayotajwa lakini haimo itabadilishwa na kifaa kwa fonti yake chenyewe.

Kwa Kiswahili pekee badiliko hilo halidhuru sana. Hata hivyo, riwaya yenye majina ya Kigikuyu huwa na herufi ĩ na ũ, na fonti isiyozijua huonyesha kisanduku kitupu mahali pake. Katika hali hiyo, fonti kama Gentium, inayozijua herufi hizo na inayoruhusiwa kusambazwa bure, huchaguliwa katika "Embed font family" iliyo chini ya "Look & feel". Lakini iwapo panapostahili ĩ pana alama ya kuuliza, hilo si kosa la fonti. Herufi yenyewe ilikwisha kupotea, na itabidi irejeshwe kwa mkono.

Mwishoni, kitufe cha F7 ndani ya "Edit book" hukagua kitabu kizima na kutaja viungo vilivyokatika na faili zinazokosekana. Faili ya MOBI isifutwe hata baada ya ukaguzi huo, kwa maana kasoro nyingine hugunduliwa tu na msomaji aliyefika ukurasa wa mwisho.