Mwanya chini ya paa

Giza likishaingia vijijini, mbu jike wa jamii ya Anofelesi hahangaiki na mlango. Huifuata harufu ya watu waliolala mpaka ukutani, na ukuta ukimzuia hupanda nao juu hadi pale unapokaribiana na paa. Kwenye nyumba nyingi za Afrika, hapo pana mwanya. Umeachwa ili joto na moshi vitoke, na pumzi ya walio ndani hutokea humohumo. Kwa mbu, mwanya huo ni lango lenye harufu ya chakula.

Mwaka 1988, watafiti Steve Lindsay na Robert Snow, waliokuwa wakifanya kazi Gambia, waliandika juu ya mwanya huo na kuonyesha kuwa ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria kuingia ndani. Hitimisho lilionekana rahisi: zibeni. Lakini nyumba iliyozibwa juu hupata joto. Tena mbu aliyekosa njia hafi, huenda akajaribu nyumba ya jirani.

Miaka mingi baadaye, Mholanzi Bart Knols, mtaalamu wa wadudu, na wenzake waliligeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kumfungia mbu mlango, waliuliza namna ya kumwachia mlango ambao hatapita akabaki hai. Mwanya wote unazibwa, kisha chini ya paa hutobolewa matundu machache na kila tundu hutiwa kipande cha bomba la plastiki, kipana kama kiganja kilichokunjuliwa. Hewa hupita, na harufu hutoka. Ndani ya bomba umepachikwa wavu wenye unga wa kiuatilifu. Mbu anayefuata harufu hutua juu ya wavu huo akitafuta njia.

Siri iko kwenye wavu. Uzi wake una chaji ya umeme tuli, ile inayofanya kitana cha plastiki kivute karatasi. Ulibuniwa kwanza kunasa chavua inayoelea hewani. Unga wa dawa huushikilia vivyo hivyo, lakini si kwa nguvu sana: mguu wa mbu ukigusa, unga humhamia kwa wingi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mguso wa sekunde chache tu uliweza kuua hata mbu sugu.

Neno hilo, sugu, ndilo lililoupa wavu huu thamani. Vyandarua vilivyoenea Afrika tangu miaka ya 2000 vilitegemea kundi moja la dawa, pairethroidi, na mbu wakazizoea. Dawa iliyotiwa kwenye mabomba, beta-siflutrini, ni ya kundi hilohilo. Tofauti ni kipimo. Mbu anayestahimili dawa kidogo iliyomo kwenye uzi wa chandarua hulemewa na rundo la unga. Kwa hiyo usugu haukuondolewa. Ulizidiwa nguvu, na kwa dawa kidogo mno kwa nyumba nzima, maana haipakwi ukutani.

Mabomba yalijaribiwa kwanza ndani ya vibanda vilivyozungushiwa wavu, Ifakara nchini Tanzania na magharibi mwa Kenya, na mbu wengi walikufa. Lakini kibandani mbu hana pa kwenda. Kilichotakiwa kujulikana ni kama watoto wa kijiji halisi wangeugua mara chache zaidi.

Jaribio hilo lilifanyika katikati ya Kodivaa, kuzunguka mji wa Bouaké, ambako mbu ni sugu mno kwa dawa za vyandarua. Vijiji 40 vilipigiwa kura: 20 vikawekewa mabomba, 20 havikuwekewa. Vyote vilipewa vyandarua vipya, ili kinacholinganishwa kiwe mabomba na si umaskini wa kukosa chandarua. Mafundi walipita nyumba kwa nyumba, wakaziba nyufa, wakaweka wavu madirishani, wakatoboa kuta na kupachika mabomba juu, mtoto asipofika. Watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 8 walipewa dawa ya kusafisha vimelea mwanzoni, kisha wakafuatiliwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet. Katika vijiji visivyo na mabomba, kila mtoto aliugua malaria kwa wastani wa mara 2.29 kwa mwaka. Penye mabomba ilikuwa mara 1.43. Kwa watoto mia moja, hiyo ni tofauti kati ya vipindi 229 vya homa na 143: vipindi 86 havikutokea. Upungufu huo ni kama asilimia 38, na umekuja juu ya kinga ya vyandarua.

Hata hivyo, jaribio hilo halikuweza kutenganisha kazi ya bomba na kazi ya wavu wa dirishani, kwa sababu viliwekwa pamoja. Nyumba ya makuti yenye kuta zilizobomoka haiwezi kuzibwa vya kutosha, na penye upenyo mwingine mbu hana sababu ya kupitia bombani. Unga nao huchoka. Wavu ulipaswa kukaguliwa kwa kuwaweka mbu juu yake na kuhesabu waliokufa, na vifo vikipungua wavu hubadilishwa.

Wakati mabomba yakipimwa, zana nyingine mbili zilichukua njia tofauti. Chambo cha sukari kilitumia kiu ya mbu, maana hata jike anayenyonya damu hunywa utamu wa maua. Mfuko wenye sukari na sumu ulitundikwa kwenye ukuta wa nje. Katika majaribio ya vijijini nchini Mali mwaka 2016 na 2017, mbu wazee walipungua sana, nao ndio wa hatari, kwa kuwa kimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa mwilini mwa mbu. Lakini majaribio makubwa yaliyofuata, yakiwemo ya magharibi mwa Zambia, hayakuonyesha upungufu wa malaria wa kuaminika. Kuwapunguza mbu na kupunguza wagonjwa hayakuwa jambo moja.

Zana ya tatu ni ya kufukuza: karatasi ya plastiki yenye transfluthrini, dawa inayopaa yenyewe bila moto wala umeme. Hutundikwa chumbani, na hubadilishwa kila baada ya siku 28. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilipunguza maambukizi mapya kwa watoto kwa karibu theluthi moja. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha zana za aina hii.

Hivyo sukari iliyong'ara mapema ilikwama, na karatasi isiyoua mbu yeyote kwa makusudi ndiyo iliyofika mbele. Bomba limebaki katikati: lina ushahidi mzuri wa jaribio moja kubwa, na bado linahitaji fundi mwenye ngazi kuliweka na mtu wa kulirudia. Karatasi, anayeibadilisha ni mwenye nyumba kwa mkono wake. Wavu wa bombani hukaa juu, gizani, na hakuna ajuaye umeisha nguvu mpaka mtu apande, autoe, na kuhesabu mbu waliokufa.