Namna ya Kurejesha Muunganisho wa Mtandao Pasiwaya wa Ofisi Baada ya Kubadili Nywila

Mtumishi anapobadili nywila ya akaunti yake ya kazi, mara nyingi barua pepe hufunguka bila tatizo lakini mtandao pasiwaya wa ofisi, maarufu kama waifai, hukataa kuunganishwa. Sababu kuu ni kwamba nywila imebadilika katika seva, ilhali simu na kompyuta mpakato bado zinawasilisha ile ya zamani. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo, namna ya kuitambua na hatua za kuitatua bila kuhatarisha nywila mpya.

Tofauti na Mtandao wa Nyumbani

Katika mtandao wa nyumbani, watumiaji wote hutumia nywila moja iliyowekwa kwenye ruta. Katika mtandao wa ofisi unaodai akaunti ya kazi, kila mtumiaji hujitambulisha kwa jina na nywila yake. Kifaa kinachorusha mawimbi hakiamui nani aingie. Hupeleka maombi kwa seva ya uthibitishaji, ambayo hulinganisha taarifa hizo na zilizomo katika orodha ya akaunti za taasisi.

Mtumiaji anapounganishwa kwa mara ya kwanza, kifaa chake hutunza profaili ya mtandao huo. Ndani ya profaili kuna mambo matatu: jina na nywila ya mtumiaji, cheti cha kidijiti kinachotambulisha seva, na aina ya uthibitishaji. Nywila inapobadilishwa, profaili haipati taarifa. Kifaa kilichokwisha kuunganishwa huweza kuendelea kufanya kazi hadi kitakapotakiwa kujithibitisha upya, ndiyo maana hitilafu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, au siku inayofuata.

Kutambua Chanzo

Kabla ya kubadili mpangilio wowote, mtumiaji anapaswa kujiuliza ni nani na ni kifaa kipi kimeathirika. Iwapo ni kifaa kimoja tu, chanzo huwa ni profaili ya kifaa hicho. Iwapo vifaa vyake vyote vimekataliwa, na hata barua pepe haifunguki kwa nywila mpya, huenda akaunti imefungwa. Iwapo wenzake ofisini, ambao hawakubadili nywila, nao wamekwama siku hiyo hiyo, tatizo liko upande wa seva. Kwa mfano, cheti chake kimekwisha muda. Hapo kufuta profaili hakutasaidia.

Aina ya uthibitishaji nayo hutoa jibu. Pale mpangilio wa mtandao unapoonesha PEAP, seva huhitaji jina na nywila, hivyo mabadiliko ya nywila huugusa mtandao moja kwa moja. Pale unapoonesha TLS, kifaa hujitambulisha kwa cheti chake chenyewe na nywila haihusiki. Mtumiaji wa mtandao wa aina hiyo anapokataliwa, aombe cheti cha kifaa chake kikaguliwe.

Mfano: Simu Moja na Kompyuta Moja

Chukulia mtumishi aliyebadili nywila asubuhi akiwa kwenye kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa waya. Mtandao wa ofisi yake unaitwa OFISI-WATUMISHI na unatumia PEAP. Mchana, simu yake ya Android na kompyuta mpakato ya Windows 11 zinashindwa kuunganishwa.

Hatua ya kwanza ni kuzima waifai katika vifaa vyote viwili. Simu iliyo mfukoni huendelea kujaribu nywila ya zamani yenyewe, na katika taasisi zilizoweka ukomo wa majaribio, marudio hayo yanaweza kufunga akaunti. Kisha ahakikishe nywila mpya inafungua barua pepe.

Hatua ya pili ni kufuta profaili. Katika kompyuta mpakato afungue Settings, kisha Network & internet, Wi-Fi, na Manage known networks; achague jina la mtandao na kubonyeza Forget. Kazi hiyo pia hufanyika kwa amri hizi:

```
netsh wlan show profiles
netsh wlan delete profile name="OFISI-WATUMISHI"
```

Endapo profaili imewekwa na taasisi kwa sera ya pamoja, mtumiaji hataweza kuifuta na atahitaji msaada wa afisa TEHAMA.

Zipo kompyuta ambazo hutumia nywila ile ile ya kufungulia Windows kuingia katika mtandao pasiwaya. Kompyuta ya namna hiyo ikiwa nje ya mtandao hutambua nywila ya zamani tu, kwa kuwa ndiyo iliyohifadhi. Nayo haiwezi kupata mpya bila mtandao. Njia ya kutoka katika mzunguko huo ni kuiunganisha kwa waya ofisini, kutoka katika akaunti, kisha kuingia upya kwa nywila mpya.

Katika simu, afute mtandao huo kwa kubonyeza Forget, kisha auchague upya. Simu itauliza maswali ambayo profaili ya zamani ilikuwa inayajibu yenyewe. Kwa mtandao wa mfano huu, EAP method ni PEAP na Phase 2 authentication ni MSCHAPV2. Katika Identity aandike jina la akaunti kama taasisi ilivyoelekeza, na katika Password aandike nywila mpya.

Cheti Kisipuuzwe

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni CA certificate. Baadhi ya simu huonesha chaguo la Do not validate, na wengi hulichagua kwa kuwa huunganisha haraka. Chaguo hilo huiambia simu isihakiki seva inayozungumza nayo. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kurusha mtandao wenye jina lile lile karibu na ofisi, simu ikajiunga nao, naye akapata taarifa zinazoweza kumwezesha kuitafuta nywila kwa utulivu baadaye.

Chaguo sahihi ni cheti kilichotolewa na taasisi, au Use system certificates pale taasisi inapoelekeza hivyo. Katika sehemu ya Domain liandikwe jina la seva kama lilivyotolewa na kitengo cha TEHAMA. Kuanzia Android 11, simu nyingi zimeondoa chaguo la kutohakiki, hivyo mtumiaji asiye na taarifa hizi hushindwa kuhifadhi mpangilio.

Windows nayo inaweza kuuliza Continue connecting?, na simu ya iPhone huonesha cheti pamoja na neno Trust. Kabla ya kukubali, mtumiaji afungue maelezo ya cheti na kulinganisha jina lililomo na lile alilopewa na taasisi. Yakitofautiana, asiendelee. Ahakikishe pia kuwa tarehe na saa ya kifaa ni sahihi, kwa sababu kifaa chenye tarehe potofu hukiona cheti halali kama kilichokwisha muda au ambacho hakijaanza kutumika.

Taarifa za Kumpa Afisa TEHAMA

Hatua hizi zikishindikana, mtumiaji awasilishe jina la akaunti, saa aliyojaribu mara ya mwisho, aina ya kifaa na maneno ya kosa kama yalivyoonekana kwenye kioo. Saa ni muhimu kwa sababu seva ya uthibitishaji hutunza kumbukumbu za maombi, na humo afisa ataona kama ombi lilikataliwa kwa nywila isiyo sahihi, kwa akaunti iliyofungwa, au kama halikufika kabisa. Nywila yenyewe haihitajiki katika uchunguzi huo na haipaswi kutolewa kwa mtu yeyote.