Namna mtafiti anasoma maneno ya mwalimu: kutoka kode hadi kategoria

Walimu wa shule za msingi ku Kivu na Ituri wamezoea kuona mtu anafika na daftari na simu ya kurekodi. Mara ni mwanafunzi wa chuo cha ualimu anayetayarisha kazi yake ya mwisho wa masomo, mara ni mtu wa shirika. Mwalimu anaongea saa moja, mgeni anashukuru na kuondoka. Miezi inapita, ripoti inatoka, na ndani yake kuna mstari mmoja tu: «Walimu wanalalamikia mshahara.» Yote mengine aliyosema mwalimu yamepotea. Mara nyingi yanapotelea katika kazi inayofanyika kati ya kurekodi na kuandika ripoti, ile inayoitwa kutia kode.

Kode ni nini

Kwanza sauti inaandikwa kwenye karatasi, neno kwa neno. Kisha mtafiti anasoma polepole, na pembeni ya kila kipande cha maneno anaandika jina fupi la jambo linalotendeka pale. Jina hilo ndilo kode. Kode za mwanzo zinaitwa kode wazi, kwa sababu mtafiti hakuzitayarisha mbele ya kusoma. Anaziacha zitoke katika maneno yenyewe. Baadaye anazilinganisha, na zile zinazoelezea jambo la aina moja anaziweka pamoja chini ya jina pana zaidi. Hilo jina pana ni kategoria.

Njia hii ilielezwa na Wamarekani wawili, Barney Glaser na Anselm Strauss, katika kitabu chao cha mwaka 1967. Baadaye, mwaka 1990, Strauss na Juliet Corbin waliipangia hatua, na «kode wazi» ni hatua ya kwanza kati ya hizo. Leo inatumiwa na watafiti wengi, hata wale wasiofuata kitabu chote.

Mfano: mistari tisa

Tuchukue swali linalojulikana kwetu. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakilipa walimu kwa sehemu kubwa. Mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure. Malipo ya wazazi yakakatazwa, watoto wakaongezeka, na walimu wasiokuwa na matrikule wakabaki bila mshahara. Mtafiti anauliza: «Tangu elimu iwe ya bure, kazi yako imebadilika namna gani?»

Maneno yanayofuata yametungwa kwa ajili ya mfano tu, si ya mwalimu fulani. Mwalimu A hana matrikule:

1. «Mbele nilikuwa na batoto 42 mu darasa. Sasa niko nao 84.»
2. «Benye kukosa kiti banaikala chini, mbele kabisa, juu niwaone.»
3. «Madaftari siwezi tena kusahihisha yote. Leo mustari moja, kesho mustari ingine.»
4. «Benzangu bakienda kutosha mshahara, mie ninabakia na batoto babo.»
5. «Bazazi bamoja banatuma mtoto na kilo ya unga. Ninapokea, lakini direkta asijue.»
6. «Siku ya mbili na ya tano nikitoka ku masomo, naenda kulima.»

Mwalimu B analipwa:

7. «Mie nalipwa. Mwenzangu wa darasa la pembeni halipwi, basi ninamukatia kidogo kila mwezi, asituachie batoto.»
8. «Nilichagua batoto kumi benye kujua kusoma, kila moja anasomesha kikundi chake.»
9. «Mitihani midogo ya kila wiki niliacha, juu sitamaliza kusahihisha.»

Kode wazi

Mwenye haraka ataandika hivi: mstari wa 1, «wingi wa watoto», wa 2, «viti», wa 3, «kusahihisha», wa 4 hadi wa 7, «mshahara». Hayo ni majina ya mada, yanasema mwalimu aliongea juu ya nini. Hayasemi alifanya nini, wala kwa sababu gani.

Ndiyo maana watafiti wengi wanapenda kode yenye kitendo ndani. Mistari ileile inapata kode hizi:

- 1: darasa kuongezeka mara mbili
- 2: kuweka wasio na kiti karibu na macho
- 3: kusahihisha kwa zamu
- 4: kushika darasa la wenye kwenda kulipwa
- 5: kupokea chakula cha wazazi kwa siri
- 6: kulima baada ya masomo
- 7: kumkatia mwenzake ili asiache darasa
- 8: kuwapa watoto kazi ya kufundisha
- 9: kuacha mitihani midogo

Kode hizi ni ndefu kidogo, lakini mtu ambaye hakusoma mahojiano anaweza kuelewa kilichotendeka. Hicho ndicho kipimo. Ukificha maneno ya mwalimu na kubakiza kode, je, bado unaona jambo? «Mshahara» haipiti mtihani huo. «Kushika darasa la wenye kwenda kulipwa» inapita.

Kulinganisha

Sasa kila kode inaandikwa kwenye kikaratasi chake, na vikaratasi vinapangwa juu ya meza. Mtafiti anachukua viwili viwili na kuuliza: hivi vinafanana kwa nini, na vinatofautiana wapi?

Mstari wa 3 na wa 9 vinakaribiana haraka, kwa sababu vyote viwili vinapunguza kazi ya kusahihisha. Lakini wa 3 unachelewesha kazi, wa 9 unaiondoa kabisa. Mstari wa 8 unaifanya iendelee kwa mikono ya watoto. Mstari wa 2 unaruhusu mwalimu aone wote. Hapo inazaliwa kategoria ya kwanza: kupunguza na kugawa kazi ili darasa lisimame. Ndani yake kuna maswali ambayo mtafiti ataenda nayo kwa mwalimu wa tatu: nini kinakatwa kwanza, na nani anabeba kilichokatwa?

Mistari ya 5 na ya 6 inahusu kupata chakula. Kategoria ya pili ni kutafuta cha kula nje ya mshahara. Tofauti ndani yake ni kwamba shamba linaonekana na kila mtu, lakini unga unafichwa, kwa kuwa malipo ya wazazi yamekatazwa.

Inabaki mistari ya 4 na ya 7. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kutupa mstari wa 7 pamoja na wa 5, chini ya jina «msaada», na wa 4 chini ya «malalamiko». Ukiiweka pembeni kwa pembeni, sura inabadilika. Katika wa 7 mwenye kulipwa anatoa pesa kwa asiyelipwa. Katika wa 4 asiyelipwa anatoa muda wake ili mwenye kulipwa aende kuchukua mshahara. Msaada unakwenda pande mbili, na shule haifungi mlango siku ya malipo kwa sababu ya yule asiyelipwa. Hii ni kategoria ya tatu: kubebana kati ya wenye kulipwa na wasiolipwa.

Angalia kilichotokea. Katika mpango wa mada, mistari ya 4, 5, 6 na 7 yote ingelala ndani ya «mshahara», na ripoti ingesema walimu wanalalamika. Katika mpango huu, ripoti inaweza kusema ni nani anasimamisha shule, na kwa njia gani. Anayepanga malipo ya walimu atapata maswali mengine kabisa.

Mstari wa 1 haukuingia popote, na si kosa. Hausemi tendo, unasema hali iliyosukuma matendo yale mengine. Unawekwa pembeni kama sababu, bila kuulazimisha kuingia katika kategoria.

Mahali kazi inaharibika

Hatari ya kwanza kwetu ni lugha. Mahojiano yanafanywa kwa Kiswahili, Kimashi au Kinande, na kazi ya chuo inaandikwa kwa Kifaransa. Wengi wanatafsiri kwanza, kisha wanatia kode. Hapo «ninapokea, lakini direkta asijue» inageuka «msaada wa wazazi», na siri imekufa. Ni afadhali kutia kode juu ya maneno ya asili, na kutafsiri mwishoni vipande vile tu vitakavyoingia katika ripoti.

Ya pili ni kategoria iliyosimama juu ya mguu mmoja. Ikiwa mistari yake yote inatoka kwa mwalimu mmoja, hiyo ni habari ya mtu huyo tu kwa sasa. Dawa yake ni kwenda kutafuta anayepinga: mwalimu asiyelipwa aliyekataa kushika darasa la mwenzake, kwa mfano. Akipatikana, kategoria haivunjiki lazima. Inapata mpaka wake.

Ya tatu ni mtafiti kuona tu anachotaka kuona. Njia rahisi ya kujipima ni kumpa mwenzake kurasa mbili zisizo na kode, pamoja na maana ya kila kategoria: nini kinaingia, nini hakiingii. Wasipokubaliana juu ya mstari, mara nyingi maana ndiyo haijaandikwa vizuri.

Na mahojiano mangapi yanatosha? Mistari tisa ya mfano huu haithibitishi kitu. Mtafiti anasimama pale mahojiano mapya hayaleti tena kode mpya wala sura mpya ya kategoria. Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walirudia kupima mahojiano 60 ya wanawake wa Gana na Nijeria, wakaona kode nyingi zilikuwa zimeshatokea katika 12 ya kwanza. Lakini wale walikuwa watu wa hali inayofanana, na swali lilikuwa moja. Mwalimu wa mjini anayelipwa na mwalimu wa kijijini asiyelipwa si kundi moja.

Jina kufutwa haitoshi

Kitu cha mwisho kinamgusa mwalimu mwenyewe. Kuandika «Mwalimu A» hakumfichi mtu katika kijiji chenye shule moja. Watoto 84, shamba siku ya mbili na ya tano, unga wa wazazi: direkta akisoma hayo matatu pamoja, anamjua. Kwa hiyo kategoria inaweza kuandikwa wazi, lakini vipande vinavyoitegemeza vinachaguliwa kutoka kwa walimu tofauti, na hesabu na siku zinaondolewa pale zisipohitajika. Mwalimu aliyekubali kurekodiwa ana haki ya kuuliza, mbele ya kuanza, maneno yake yatatokeaje katika ripoti.