Mkazo kabla ya mizani: urari wa maana na mdundo katika nyimbo mbili za taifa za Afrika Mashariki

Utangulizi

Mfasiri wa shairi la kusomwa hujibu kwa msomaji mmoja, tena aliyetulia. Mfasiri wa wimbo hujibu pia kwa lahani, nayo haimsubiri. Noti zimekwisha kupangwa. Fupi ni fupi na ndefu ni ndefu, na maneno mapya hayana budi kuingia humo bila kuumiza masikio ya wenye lugha. Katika mijadala yetu tumezoea kuanza na mizani: silabi za lugha chanzi zikiwa 8, basi za lugha lengwa nazo ziwe 8. Makala hii inadai kuwa hesabu hiyo ni ya lazima lakini haitoshi. Kwa Kiswahili kinachotawala zaidi ni mahali mkazo unapoangukia, hasa mwishoni mwa mstari. Ushahidi unatolewa katika majina ya nyimbo mbili za taifa ambazo wengi wetu tuliziimba utotoni bila kuziuliza swali.

Kutoka Kixhosa hadi Kiswahili

Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga alitunga huko Johannesburg wimbo wa sala uitwao Nkosi Sikelel' iAfrika. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, lahani hiyo ndiyo iliyokuwa ya wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, nao ukaitwa Mungu Ibariki Afrika.

Tuyapime majina haya mawili. Katika Kixhosa irabu ya mwisho ya kitenzi sikelela hudondoshwa, na konsonanti inayobaki huungana na kiambishi i cha neno linalofuata. Hivyo mwimbaji hutamka nko-si-si-ke-le-li-a-fri-ka, silabi 9. Kwa Kiswahili ni mu-ngu-i-ba-ri-ki-a-fri-ka, nazo ni 9. Lakini usawa wa hesabu ni nusu tu ya habari. Kixhosa, kama Kiswahili, hukipa uzito kitamkwa cha pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo silabi zenye uzito katika jina la Kixhosa ni ya 1, ya 5 na ya 8. Na katika jina la Kiswahili ni ya 1 (mu), ya 5 (ri) na ya 8 (fri). Zimeoana zote.

Anayestahili kuangaliwa hapa ni kiambishi kidogo i- katika ibariki. Kisarufi ni kiwakilishi cha mtendwa, Afrika. Kimdundo ndicho kinachobeba muundo wote. Kikiondolewa, mstari unabaki na silabi 8, na mkazo wa bariki unarudi nyuma hadi silabi ya 4, mahali ambapo lahani haikuutarajia. Hivyo upatanisho wa kisarufi, ambao mfasiri kutoka lugha za Ulaya huulalamikia kuwa unarefusha maneno, hapa umekuwa msaada.

Kuhusu maana, badiliko ni moja. Nkosi ni bwana au mtawala, na Kiswahili kina neno bwana lenye silabi 2 na mkazo palepale. Mdundo haukulikataa. Kwa usomaji wangu, lilichokuwa nacho ni mzigo mwingine: mwaka 1961 bwana lilikuwa pia neno la kumwitia mwajiri na mtawala wa kikoloni. Mungu halikuwa na utata huo. Tunajifunza kwamba pale mdundo unapotoa nafasi kwa maneno mawili, uamuzi hurudi kwenye maana na historia ya neno.

Kenya: maana inapohamishwa

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa lugha zake si ndugu. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 uliandaliwa na jopo la wanamuziki kutokana na lahani ya bembelezi ya Wapokomo, ukiwa na maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Jina la Kiingereza humwita Mungu wa viumbe vyote. La Kiswahili ni Ee Mungu Nguvu Yetu. Yanaimbwa kwa noti zilezile, lakini hayasemi jambo lilelile.

Tujaribu kuwa waaminifu kwa maana ya Kiingereza: Ee Mungu wa viumbe vyote. Tunapata silabi 9 mahali penye nafasi ya 7, na mikazo inaangukia silabi ya 2, ya 6 na ya 8. Ee Mungu Nguvu Yetu lina silabi 7, na mikazo iko katika ya 2, ya 4 na ya 6, sawasawa na jina la Kiingereza. Wazo la uumbaji limeachwa, wazo la nguvu limeingia, lakini tendo la mstari, yaani kumwita Mungu kwa sifa yake mwanzoni mwa sala, limebaki.

Neno la mwisho la jina la Kiingereza huishia kwa silabi isiyo na mkazo, jambo lisilo la kawaida sana katika lugha yenye maneno mengi ya silabi moja. Lahani ya Kipokomo, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kiswahili, inaelekea kudai mwisho wa namna hiyo. Safari hii Kiingereza ndicho kilichotii.

Pale hesabu inapodanganya

Hatari huonekana lahani inapokuwa ya Ulaya. Mstari wa utenzi una mizani 8, na tenzi nyingi za kanisani kutoka Ulaya zina mistari ya silabi 8. Mfasiri hufurahi kwa kuona vipimo vimelingana. Lakini mistari hiyo ya Ulaya mara nyingi huweka uzito katika silabi ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Tutunge mstari wa mfano: Twakushukuru daima. Silabi ni 8, na mkazo wa kwanza uko sawa katika ya 4. Mwishoni, hata hivyo, noti ndefu inaiangukia ma, ilhali mkazo wa daima uko kwenye i. Mwimbaji analazimika kusema daimá. Katika lugha ambamo barabára ni njia na barábara ni sawasawa, kosa hili si dogo.

Dawa ni kuigawa noti ndefu ya mwisho iwe mbili na kuruhusu silabi 9: Twakushukuru kila siku. Mikazo sasa iko katika ya 4, ya 6 na ya 8, na silabi ya 9 inatua kwa upole. Hesabu imevunjwa, wimbo umepona. Gharama yake ni kina: -ma imekuwa -ku, na mstari mwenzake lazima utungwe upya.

Hitimisho

Mifano hii inapendekeza utaratibu wa kazi. Mfasiri atafute kwanza silabi yenye uzito ya mwisho wa kila mstari na kuiwekea neno ambalo mkazo wake unatua hapo. Kisha apime maana kwa tendo la mstari mzima, si kwa neno moja moja. Idadi ya silabi irekebishwe kwa kugawa au kuunganisha noti. Kina kije mwisho, kwa kuwa Kiswahili, chenye silabi wazi, kina vina vingi vya kuchagua, lakini kila neno lina mahali pamoja tu pa mkazo. Jaribio la mwisho ni rahisi: mpe wimbo mtu asiyeujua, aimbe, na umsikilize anapofika mwisho wa mstari. Akipotosha neno ili aifuate noti, tafsiri bado haijakamilika.