Mota ndani ya gurudumu au mota moja ya kati: kwa nini uzito wa chini ya springi una maana

Jirani yangu mwenye teksi alinijia barazani juzi na picha kwenye simu. Ni mota mbili za umeme, za kufungwa ndani ya magurudumu ya nyuma ya gari lake la petroli. Muuzaji amemwambia hakuna geaboksi, hakuna difu wala ekseli ya kuzungusha, basi hakuna cha kuharibika. Akaniuliza: kama ni rahisi hivyo, mbona makampuni makubwa hayafanyi?

Wazo lenyewe ni la zamani. Gari la Lohner-Porsche lililoonyeshwa Paris mwaka 1900 lilikuwa na mota ndani ya magurudumu ya mbele. Pikipiki nyingi za umeme nazo zina mota kwenye gurudumu la nyuma. Lakini karibu magari yote ya umeme yanayouzwa leo yana mota iliyofungwa kwenye bodi, inayopeleka nguvu kwa gia, difu na ekseli fupi mbili.

Sababu ya kwanza ni gia. Chukua Nissan Leaf ya mwanzo. Mota yake hutoa msokoto wa nyutonimita 280 tu, lakini gia huuzidisha karibu mara 8, na magurudumu mawili hupata jumla ya nyutonimita 2,200 hivi. Mota iliyo ndani ya gurudumu bila gia haina msaada huo. Ili gari liondoke kwa nguvu ileile, kila mota lazima itoe nyutonimita 1,100 peke yake. Ukubwa wa mota hufuata msokoto wake, kwa hivyo inahitaji shaba, chuma na sumaku nyingi zaidi. Mota za aina hii za gari dogo hufika kilo 30 na zaidi kila moja.

Sasa kilo hizo zimekaa wapi? Bodi, abiria na betri hubebwa na springi. Taya, rimu, breki na beringi viko chini ya springi, na hupokea kila shimo moja kwa moja. Mota ya kati iko juu ya springi, lakini ya gurudumu iko chini.

Tufanye hesabu. Tuseme kona moja ya gari ina kilo 40 chini ya springi. Gurudumu likigonga tuta, hurukaruka kati ya ugumu wa taya na ule wa springi, kwa gari la kawaida kama mara 12 kwa sekunde. Ongeza mota ya kilo 30, ziwe 70. Mruko hushuka hadi kama mara 9 kwa sekunde, na shoki ileile huutuliza kwa uwezo uliopungua kwa robo. Gurudumu huchelewa kurudi chini, na likiwa hewani halina breki wala usukani. Tena mtikiso huo umesogea karibu na ule unaousumbua zaidi mwili wa mtu aliyekaa, yaani mara 4 hadi 8 kwa sekunde.

Hata hivyo tusizidishe. Wahandisi wa Lotus wa Uingereza waliongeza kilo 30 kwenye kila gurudumu la Ford Focus. Tofauti ilihisika, lakini waliona kuwa sehemu kubwa yake inaweza kurekebishwa kwa kubadilisha springi na shoki. Ila hao ni watu wenye vipimo na uwanja wa majaribio. Anayefunga mota gereji na kuacha shoki za zamani hajarekebisha chochote.

Kuna pia mishtuko na maji. Nafasi kati ya sehemu inayozunguka na iliyotulia ndani ya mota ni kama milimita moja. Beringi ikilegea, sumaku hukwaruza chuma. Inua gurudumu kwa jeki, ulitikise juu na chini: likicheza, au ukisikia mkwaruzo ukilizungusha, usiendeshe. Maji ya chumvi yakipita mpira wa kuzuia maji, kutu huanza ndani usikoona. Kwa mota ya kati, kinachochakaa mara nyingi ni kiungo cha ekseli, ambacho fundi hukibadilisha bila kugusa mota.

Faida zipo. Nafasi hubaki kubwa, na kompyuta inaweza kugawa nguvu kwa kila gurudumu peke yake. Lakini mota moja ikikatika ghafla huku nyingine ikivuta, gari hupinda, na ni lazima mtambo uzime zote mbili papo hapo.

Nilimwambia jirani amuulize muuzaji mambo matatu: kila mota ina kilo ngapi, breki za kawaida zitakaa wapi, na nini hutokea mota moja ikizima katika mwendo wa kilomita 80. Asipojibiwa yote matatu, pesa zibaki mfukoni.