Usiku wa Parana na kopo la kahawa

Mbekenyera hawategemei kahawa. Katika kata hii ya Ruangwa, kama kwa majirani wa Nachingwea, fedha hutoka kwenye korosho, ufuta na mbaazi. Kahawa huja dukani ikiwa tayari koponi, imesafiri kutoka kiwanda cha TANICA kule Bukoba, upande wa pili wa nchi. Lakini bei yake huanza kuamuliwa mbali zaidi ya Bukoba, na anayetaka kuielewa aanzie Julai 1975.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi ule, baridi kali kutoka kusini iliingia jimbo la Parana nchini Brazili. Maji yaliganda ndani ya majani ya mibuni, na kulipokucha majani yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa yameshachumwa kwa sehemu kubwa. Kilichokufa ni miti yenyewe. Jimbo lililokuwa likivuna magunia takriban milioni 10 ya kilo 60 halikupata karibu chochote mwaka uliofuata, na mbuni ukipandwa upya huchukua miaka mitatu au minne kuzaa vizuri.

Ndiyo maana bei haikufika kileleni wiki ile. Kabla ya baridi, ratili moja ya kahawa mbichi iliuzwa chini ya senti 75 za Marekani. Ghala zilipozidi kupungua, na vita vya Angola vikazuia kahawa ya huko, bei ilipanda hadi kupita dola 3 mnamo Aprili 1977. Uganda ya Idi Amin ililipa wakulima kwa shilingi isiyonunua kitu, basi kahawa ikavushwa kwa magendo Mlima Elgon hadi soko la Chepkube, Kenya, ambako fedha ilikuwa na thamani. Kisha wanywaji wa Marekani wakapunguza kununua, wakulima wa nchi nyingi wakapanda miti mipya, na bei ikashuka.

Wabrazili nao walisogeza kilimo chao kaskazini, hasa Minas Gerais, kukwepa baridi. Hawakuikwepa yote, maana Julai 2021 iliwafuata huko. Ila sasa adui mkubwa zaidi ni ukame, ambao kazi yake ni tofauti. Mbuni wa Brazili huchanua mvua za Septemba na Oktoba zinapoanza. Mvua ikikatika baada ya hapo, maua na vitunda vichanga hudondoka. Jua likizidi Januari na Februari, wakati punje zinajaa, tunda hubaki lakini punje huwa nyepesi. Ukame wa namna hiyo mwanzoni mwa 2014 ulitosha kukaribia kuifanya bei kuwa mara mbili.

Mwaka 2024 ukame uliipiga Vietnam, mzalishaji mkuu wa robusta, aina ileile inayolimwa kwa wingi Kagera. Tani moja sokoni London, iliyokuwa takriban dola 2,000 mwanzoni mwa 2023, ilifika dola 5,000 na zaidi mnamo Septemba 2024. Wakati huohuo shilingi yetu ilitoka takriban 2,300 kwa dola hadi karibu 2,700.

Tupige hesabu ya kopo la gramu 50. Kilo moja ya kahawa ya kuyeyuka hutumia takriban kilo 2.6 za kahawa mbichi, kwa hiyo kopo hilo limekula gramu 130. Kwa bei ya London ya mwanzo, kahawa hiyo ni kama shilingi 600. Kwa ile ya Septemba 2024, ni kama 1,750. Dola ingebaki 2,300 ingekuwa kama 1,500, yaani robo ya elfu imetoka kwenye shilingi peke yake. Kiwanda hakinunui London, lakini kinagombea punje za Kagera na wasafirishaji wanaouza kwa dola, kwa hiyo bei ile hukifikia.

Bei ikishuka London, dukani hakushuki kesho yake. Kopo lililoko rafuni lilitengenezwa kwa punje za msimu uliopita, na bati, mishahara na nauli ya lori hadi Ruangwa havifuati soko la kahawa. Ndani ya kopo la gramu 50 kahawa ni sehemu tu ya bei, na ni sehemu hiyo pekee inayofuata bei ya London.

Shilingi ina upande wake mwingine hapa. Korosho inayouzwa kwenye minada ya RUNALI nayo hununuliwa na watu wanaohesabu kwa dola. Shilingi ikidhoofika, bei ya kilo ya korosho kwa shilingi inaweza kupata nguvu pia, na mkulima wa Mbekenyera anayekunywa kahawa hulipwa kwa mkono mmoja sehemu ya kile anachotozwa kwa mwingine. Ukame wa Brazili haumpi fidia ya aina hiyo.