Hatua ya marudio

Watengenezaji wa katuni huiita lupu: hatua chache za dansi zinazochorwa mara moja kisha kurudiwa, mwisho ukiungana na mwanzo pasipo mshono kuonekana. Wengine husema mzunguko, lakini mbele ya mchezaji dansi neno hilo linaponza, kwa kuwa akilisikia atageuka na kuzunguka. Mimi nachagua hatua ya marudio. Ni ndefu kidogo, ila haimchanganyi mtu.

Tuchukue wimbo wa mapigo 120 kwa dakika na filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Kila pigo linapata fremu 12, na hatua ya mapigo manne inapata 48. Pigo la kwanza, mguu wa kulia unakanyaga pembeni. La pili, wa kushoto unaufuata na kugusa chini. La tatu na la nne ni yaleyale kuelekea kushoto. Pozi kuu zinakaa kwenye fremu ya 1, 13, 25 na 37. Fremu ya 49 ingefanana na ya 1, kwa hiyo haiwekwi. Ukiiweka, picha moja itaonekana mara mbili mfululizo na mchezaji atakwama kidogo kila anaporudia.

Kutua kwenye pigo maana yake ni kwamba uzito umeshafika: goti limekunjwa, kiuno kiko chini kabisa. Anayeanza kazi hii mara nyingi huanzisha mwendo pigo linapolia, na mchezaji wake huonekana amechelewa hata kama hesabu ya fremu ni sahihi. Mguu uondoke mapema, mwili uinuke katikati ya mapigo mawili, ushuke pamoja na ngoma. Wazoefu wengi hutanguliza pozi fremu moja au mbili mbele ya sauti, na jicho huliona hilo kuwa sawasawa.

Matatizo huja mapigo yakiwa 100 kwa dakika. Pigo moja sasa ni fremu 14.4, na mapigo manne ni 57.6. Ukiifanya hatua kuwa fremu 58, kila marudio yanachelewa sehemu ya fremu, na baada ya kurudia mara kumi umeachwa nyuma fremu nne, kiasi ambacho mtazamaji ataanza kukihisi. Dawa ni kupishanisha urefu: 58, 57, 58, 57, 58. Jumla ni 288, yaani sekunde 12 kamili, na mapigo 20 yameisha pamoja na picha. Fremu inayopunguzwa itolewe kwenye kuinuka, kamwe isitolewe kwenye kutua.

Ngoma iliyorekodiwa ikipigwa na watu haikubali hata hesabu hii, maana wapigaji huongeza kasi wakikolea. Hapo weka alama kwenye vilele vya wimbi la sauti, pigo kwa pigo, kisha unyooshe au ubane kila marudio kuzifuata.